Dhamira na Funzo la Riwaya: Namna ya Kuvitenganisha, Hatua kwa Hatua

Katika madaftari ya kidato cha tano ninayoyasahihisha hapa Mbeya, kuna kosa moja linalojirudia kuliko mengine yote. Swali humtaka mwanafunzi ajadili dhamira za riwaya aliyoisoma, naye huanza aya yake hivi: "Dhamira ya kwanza ni kwamba tusiwe na tamaa." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, na huenda hata riwaya yenyewe inamzungumzia mtu mwenye tamaa. Hata hivyo, hiyo si dhamira bali ni funzo, na tena ni funzo ambalo mtu angeweza kulitoa bila kukifungua kitabu.

Chanzo cha kosa hili si uvivu. Tangu darasa la pili tulizoea kusomewa ngano ya sungura na fisi, na mara tu ilipokwisha mwalimu aliuliza, "Hadithi hii inatufundisha nini?" Swali hilo lilikuwa sahihi kwa ngano, kwa sababu ngano nyingi hutungwa ili zifundishe. Tatizo ni kwamba mwanafunzi hubeba swali lilelile hadi kwenye riwaya ya kurasa mia mbili, ambayo pengine mwandishi wake hakuwa na nia ya kumwagiza mtu yeyote afanye lolote.

Kwa hiyo tuanze na maana. Dhamira ni kile ambacho riwaya inakionesha na kukisema kuhusu maisha ya watu kupitia matukio na wahusika wake. Funzo ni kile ambacho msomaji anapaswa kukifanya au kukiacha baada ya kuyaona hayo. Dhamira hukaa ndani ya kitabu na huthibitishwa kwa kitabu. Funzo hukaa kati ya kitabu na msomaji, na hubadilika kadiri msomaji anavyobadilika. Kuna pia neno la tatu ambalo huchanganywa na haya mawili, nalo ni mada, yaani jambo linalozungumziwa, kama vile ndoa, ulevi au ardhi. Niongeze tahadhari moja kuhusu istilahi: vitabu vya uchambuzi havikubaliani juu ya neno "ujumbe". Vingi hulitumia kwa maana ya funzo, vingine huliweka karibu sana na dhamira. Unapokutana nalo katika swali, lichukulie kama funzo isipokuwa maelekezo ya swali yenyewe yanakutaka vinginevyo.

Kisa cha kufanyia kazi

Nitatumia kisa nilichokitunga mwenyewe kwa ajili ya darasa, kwa sababu riwaya zinazotahiniwa zimekwisha kuchambuliwa na mwanafunzi hukimbilia kunakili. Kisa hiki hakina mahali pa kunakiliwa.

Mzee Ambokile ni mkulima wa viazi mviringo katika milima ya Uporoto. Kila mwaka humwuzia viazi dalali mmoja aitwaye Jailo, ambaye humkopesha mbegu na mbolea kabla ya msimu. Jailo hununua kwa lumbesa: gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezewa kichwa kirefu kinachoshonewa kamba juu yake, na bado huhesabiwa kuwa gunia moja. Tusekile, binti wa mzee huyo, anarudi likizo kutoka shuleni, anaazima mizani ya ghala la ushirika na kupima. Gunia linalolipwa kama la kilo 100 lina kilo 138. Anamwonesha baba yake hesabu kwenye daftari: katika kila magunia kumi, kilo 380 zinaondoka bure, ambazo ni karibu magunia manne. Mzee analitazama daftari kwa muda mrefu, kisha anasema, "Mwanangu, mwaka ule mvua ilipokatika, Jailo ndiye aliyetuletea mbegu. Mizani hii haikuja."

Tusekile anaipeleka habari hiyo kwenye mkutano wa kijiji. Mchungaji anasimama na kusema kwamba mtu anayekulisha hahesabiwi punje. Jailo anaacha kununua kwa Ambokile. Viazi vinachipua ghalani na kuanza kuoza, na kaka yake Tusekile anakosa fedha ya kumalizia mahari. Baada ya miezi kadhaa kijiji kinanunua mizani yake, na wakulima wachache wanaanza kuuza kwa kilo. Katika sura ya mwisho, Tusekile anaamka usiku kwa kusikia minong'ono uani. Anatoka na kumkuta baba yake, amepiga magoti, akishona kichwa cha lumbesa kwa ajili ya dalali mwingine. Mzee anainua uso na hasemi neno. Tusekile anasimama pale kidogo, kisha anamshikia taa.

Hatua ya kwanza: Andika chaguo na gharama yake

Kabla hujataja dhamira yoyote, andika mistari michache inayojibu maswali haya: mhusika mkuu alitaka nini, alichagua nini, ilimgharimu nini, na mwishoni ni kitu gani kilibadilika au kilikataa kubadilika. Usiandike muhtasari wa sura zote, kwa kuwa muhtasari hueleza kilichotokea bila kuonesha uzito wake, na dhamira hukaa kwenye uzito huo.

Kwa kisa chetu, mistari hiyo ingekuwa hivi. Tusekile alitaka baba yake alipwe haki yake. Alichagua kusema hadharani jambo ambalo baba alitaka libaki nyumbani. Gharama yake ilikuwa mazao ya msimu mzima na mahari ya kaka yake. Kijiji kilibadilika kwa kiasi fulani, lakini baba hakubadilika, na mwishoni binti mwenyewe akasaidia kazi ileile aliyokuwa ameipinga.

Mstari huo wa mwisho ndio wanaouruka wengi. Hueleza kisa mpaka mizani inaponunuliwa, kisha hukoma hapo kwa furaha. Sura ya mwisho ya riwaya isirukwe kamwe, kwa sababu hapo ndipo mwandishi anapoamua kuyathibitisha au kuyatikisa yale aliyoyajenga tangu mwanzo.

Hatua ya pili: Itaje mada, kisha usiishie hapo

Mada hutajwa kwa neno moja au maneno machache. Kisa hiki kina mada ya unyonyaji, deni, ukweli na mahusiano ya kifamilia. Ukiandika "Dhamira ni unyonyaji" utakuwa umetaja mada tu. Ni kweli kwamba katika madarasa yetu dhamira huandikwa mara nyingi kama kichwa kifupi, kwa mfano "Unyonyaji wa wakulima" au "Nafasi ya mwanamke katika jamii", na kichwa cha namna hiyo kinakubalika. Lakini ni kichwa tu. Aya inayokifuata lazima iseme riwaya inasema nini kuhusu jambo hilo, la sivyo mtahiniwa atakuwa ameonesha mlango bila kuingia ndani.

Hatua ya tatu: Igeuze mada kuwa sentensi

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Chukua mada moja na ujiulize: kwa kuangalia matukio yote, riwaya hii inaonesha kwamba jambo hili hutendaje kazi katika maisha ya watu? Jibu liwe sentensi kamili, lisiwe na jina la mhusika, na lisiwe na amri.

Kiswahili kinatupa kifaa kizuri cha kujipima hapa, nacho ni umbo la kitenzi. Funzo hupenda kitenzi kinachoishia na "-e" ya kuagiza au kutakia: tuwe, tusipunje, wazazi wawasikilize watoto. Hujificha pia nyuma ya maneno kama "inafaa", "ni vyema", "lazima" na "yatupasa". Dhamira hupenda kitenzi cha kueleza mazoea, hasa chenye "hu-": deni humfunga mtu, woga huwagawa wanyonge. Ukikuta sentensi yako ya dhamira ina "tu-" mwanzoni na "-e" mwishoni, jua kwamba umeandika funzo, na urudi mwanzo wa hatua hii.

Kifaa hiki, hata hivyo, kina mpaka wake, na mwanafunzi aliyekielewa nusu huanza kukitumia kama hirizi. Methali nyingi zina "hu-" na bado ni mafunzo: "Mchumia juani hulia kivulini" haikuelezi tu jinsi maisha yalivyo, inakuhimiza ufanye kazi. Vivyo hivyo, sentensi kama "Udanganyifu huleta hasara" ni funzo lililovaa kanzu ya dhamira. Imebadilishwa kitenzi tu. Ndani yake bado kuna kidole kinachoelekezwa kwa msomaji. Kwa hiyo umbo la kitenzi hukamata makosa ya wazi, lakini makosa yaliyojificha yanahitaji hatua inayofuata.

Kwa kisa chetu, jaribio la kwanza la dhamira linaweza kuwa hili: "Deni linalotolewa kwa sura ya wema humfanya mnyonge amlinde anayempunja." Sentensi hii haimwagizi mtu kitu. Haimtaji Ambokile wala Jailo, na inaeleza kwa nini mzee alikataa hesabu iliyokuwa wazi mbele ya macho yake.

Hatua ya nne: Ipime kwa tukio linaloipinga

Watu wengi hutafuta matukio yanayounga mkono sentensi yao, na matukio hayo hayakosekani kamwe. Kipimo cha kweli ni tukio linaloleta shida. Tafuta katika riwaya sehemu moja ambayo haionekani kukubaliana na sentensi yako, kisha uone kama sentensi inaweza kuimeza au inavunjika.

Tuanze na funzo lililojificha: "Kusema ukweli huleta haki." Mizani ya kijiji inaliunga mkono. Lakini viazi vilivyooza, mahari iliyokwama na mzee anayeshona lumbesa usiku vinalivunja. Mwaka mmoja mwanafunzi aliyeandika sentensi hiyo alinifuata baada ya kipindi akiwa na daftari mkononi.

"Mwalimu, sasa kama baba amerudia lumbesa, si ina maana hadithi imeharibika?"

"Hadithi haijaharibika," nilimjibu. "Kilichoharibika ni funzo lako. Je, kuna sentensi ambayo usiku ule ungeithibitisha badala ya kuivunja?"

Alifikiri kwa muda, kisha akasema kwamba mzee amezoea kufungwa. Alikuwa amekaribia sana.

Sasa tupime ile sentensi yetu kuhusu deni na wema. Jibu la mzee kuhusu mvua iliyokatika linaiunga mkono, na hotuba ya mchungaji pia. Hata kurudia lumbesa kwa dalali mwingine kunakubalika, kwa sababu mzee bado anahitaji mbegu za msimu ujao. Shida ipo kwa Tusekile anayeshika taa. Yeye hadaiwi na dalali yeyote, na hesabu anaijua kuliko wote, kwa hiyo sentensi yetu haielezi kitendo chake hata kidogo. Tunalazimika kuiandika upya: "Deni lenye sura ya wema humfunga mnyonge kwa anayempunja, na upendo wa kifamilia huwavuta kwenye kifungo hicho hata wale wanaouona upunjaji waziwazi." Sasa taa ile imepata mahali pake. Angalia pia kwamba sentensi imekuwa ndefu na imepoteza ule mvuto wa methali. Hilo lisikusumbue; kwa uzoefu wangu, dhamira iliyopimwa vizuri ni nadra kutosha kwenye khanga.

Hatua ya tano: Sasa litafute funzo, na uulize ni la nani

Funzo si kitu cha kudharau, na mtihani unaweza kuliuliza waziwazi. Linachotaka ni kutoka kwenye dhamira iliyokwisha kupimwa, pamoja na swali moja la nyongeza: anayefundishwa ni nani?

Kwa mkulima, funzo la kisa hiki linaweza kuwa kwamba asichanganye shukrani na bei. Mkopo wa mbolea ulipwe kwa hesabu yake, na viazi viuzwe kwa mizani yake. Kwa kijana aliyesoma, funzo linaweza kuwa kwamba kabla ya kuusema ukweli hadharani aandae njia nyingine ya kupata mbegu, kwa sababu ukweli peke yake haukuotesha kitu shambani. Kwa viongozi wa kijiji, ni kwamba mizani bila mkopo wa pembejeo haimwondoi dalali. Mafunzo haya matatu yametoka kwenye dhamira moja, na la kwanza linamhimiza msomaji kudai huku la pili likimhimiza kusubiri kidogo. Wasomaji wawili wanaweza kubishana ni lipi lenye busara zaidi, na ubishi huo hautaibatilisha dhamira. Hiyo ndiyo alama nyingine ya kuvitofautisha: mafunzo yanaweza kupingana, ilhali dhamira moja ikabaki imesimama.

Jambo hili linaonekana pia katika riwaya zinazojulikana. Katika "Rosa Mistika" ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, baba mkali anamfungia binti yake mbali na wavulana, na binti huyo anapokwenda mbali na nyumbani anapoteza mwelekeo. Msomaji mmoja atatoka na funzo la kuwaonya mabinti, mwingine atatoka na funzo la kuwaonya wazazi. Yote mawili yana mashiko, lakini hakuna hata moja linaloweza kuitwa dhamira ya malezi inayochunguzwa humo, maana kila moja limechukua upande mmoja tu wa uhusiano ambao riwaya inauonesha kwa pande zote mbili.

Kuna mtego mwingine unaohusu hatua hii, nao ni hotuba za wahusika. Mchungaji wetu alisema kwamba mtu anayekulisha hahesabiwi punje. Maneno hayo yana umbo la wosia, yametamkwa na mtu anayeheshimiwa, na kila mwaka wapo wanaoyanakili kama funzo la kisa. Lakini matukio yote ya kisa yanaonesha madhara ya fikra hiyo. Kauli ya mhusika ni ushahidi wa fikra zilizopo katika jamii ya riwaya. Haiwi sauti ya riwaya mpaka matukio yaikubali. Jiulize kila mara: baada ya mhusika kusema hivyo, riwaya ilimtendea nini yeye na waliomsikiliza?

Ni haki kukiri kwamba zipo kazi ambazo dhamira na funzo hukaribiana sana hivi kwamba kuvitenganisha hakuleti faida kubwa. Katika "Adili na Nduguze" ya Shaaban Robert, mhusika mwema anaitwa Adili na ndugu zake wanaomfanyia ubaya wanaitwa Hasidi na Mwivu. Majina yenyewe yamekwisha kumwelekeza msomaji. Hapo usilazimishe utata ambao haupo. Hata hivyo, bado utaandika dhamira kwa kueleza jinsi husuda inavyofanya kazi ndani ya undugu, na funzo kwa kusema msomaji ajiepushe na nini.

Hatua ya sita: Iandike aya ya jibu

Hii hapa ni aya niliyoisahihisha, ikiwa imefupishwa: "Dhamira nyingine ni tuseme ukweli. Mwandishi anatufundisha tuseme ukweli kama Tusekile aliyesema ukweli kuhusu lumbesa. Hivyo hata sisi tuseme ukweli ili tupate maendeleo." Neno "ukweli" limetajwa mara nne, na kitu pekee kilichotoka kwenye kisa ni jina la mhusika na lumbesa. Aya hii ingeweza kuhamishiwa kwenye riwaya nyingine kwa kubadilisha maneno mawili tu.

Linganisha na hii: "Unyonyaji wa wakulima. Kisa kinaonesha kwamba unyonyaji hudumu kwa sababu hutanguliwa na wema unaomfanya mnyonge ajione mdeni. Binti anapomwonesha baba yake kwamba gunia la kilo 100 lina kilo 138, mzee hakanushi hesabu hiyo, bali anamkumbusha mbegu walizoletewa mwaka wa ukame. Kifungo hicho kina nguvu kiasi kwamba, hata baada ya kijiji kununua mizani, mzee anaonekana akishona lumbesa usiku, na binti yake mwenyewe anamshikia taa." Kichwa kinataja mada, sentensi ya pili inataja dhamira, na zinazobaki ni ushahidi, pamoja na ule mgumu wa sura ya mwisho. Hakuna "tu-" wala "-e" ya kuagiza mahali popote.

Ikiwa swali limetaka dhamira pamoja na funzo, funzo lije katika sentensi yake lenyewe, baada ya ushahidi, likianza kwa maneno yanayomwonesha msahihishaji kwamba umehama: "Kutokana na hayo, mkulima anafundishwa kutenganisha deni la pembejeo na bei ya mazao." Ikiwa swali limetaka dhamira peke yake, sentensi hiyo iache, hata kama unaiona nzuri. Mwanafunzi yule aliyenifuata na daftari aliiandika aya yake upya mara tatu juma lile, na katika daftari la tatu alikuwa ameifuta kwa kalamu nyekundu yake mwenyewe sentensi ya mwisho iliyoanza na "Hivyo basi tusi…", kabla hata sijaifikia.